Swali la Kulia, na Aya Inayotangulia Ulinganisho

"Usawa wa kipimo kati ya wanaume na wanawake ulithibitishwa." Sentensi ya namna hii hukutwa katikati ya tasnifu na makala nyingi za saikolojia, afya ya jamii na elimu. Mwandishi akishaiandika, hukimbilia jedwali la wastani: wanawake wamepata alama nyingi kuliko wanaume, na tofauti hiyo ni kubwa kiasi cha kutoweza kuitwa bahati. Msomaji hajaambiwa usawa huo ulipimwaje, ulifika hatua gani, wala kama kuna swali lolote lililokwama njiani. Naamini sentensi hiyo haitoshi. Inapaswa kuwa aya kamili, na kazi ya aya hiyo ni kusema ni ulinganisho upi hasa ambao data zimeuruhusu.

Ili tuone kwa nini, tuchukue hojaji moja inayojulikana. Mwaka 1977 mtafiti wa Marekani, Lenore Radloff, alichapisha hojaji ya kupima dalili za sonona iitwayo CES-D. Ina maswali 20 kuhusu wiki moja iliyopita. Kila swali lina majibu manne, kuanzia dalili iliyotokea chini ya siku moja, ambayo hupewa 0, hadi iliyotokea siku 5 mpaka 7, ambayo hupewa 3. Jumla yake huanzia 0 hadi 60, na kwa desturi anayefikia 16 huhesabiwa kuwa na dalili za kutosha kuangaliwa zaidi. Maswali saba kati ya hayo yanahusu hisia za majonzi moja kwa moja: kugubikwa na huzuni isiyoondoka, kujisikia ameshuka moyo, kuona maisha yake yameshindwa, hofu, upweke, kulia, na huzuni yenyewe.

Simama kwenye swali la kulia. Chukua mwanamume na mwanamke wenye majonzi ya kiasi kilekile, kama kweli tungeweza kuyapima kwa kuchungulia moyoni. Katika jamii nyingi mwanamke atajibu kwamba alilia siku tatu, na mwanamume atajibu kwamba hakulia. Huenda hakulia kweli, maana tangu utotoni amezuiwa. Huenda alilia, lakini hawezi kumwambia mdadisi. Vyovyote iwavyo, swali hilo limempa mwanamke alama za ziada ambazo hazikutoka kwenye majonzi yake. Jambo hili halijaanza leo: mwaka 1993 Manfred Stommel na wenzake walionyesha kwamba swali la kulia, pamoja na swali jingine la CES-D linalouliza kama mtu alizungumza kidogo kuliko kawaida yake, hayafanyi kazi kwa namna moja kwa jinsia zote mbili.

Mtafiti anayejumlisha alama na kulinganisha wastani hawezi kuliona tatizo hili, kwa sababu jumla humeza kila kitu. Ndiyo maana hutumika modeli inayotenganisha vitu viwili: hali iliyofichika, yaani majonzi yenyewe, na jibu la kila swali kama alama inayotokana na hali hiyo. Modeli hiyo hukadiriwa kwa makundi yote mawili kwa pamoja, kisha mtafiti huanza kudai hatua kwa hatua kwamba makundi yafanane.

Dai la kwanza ni usawa wa muundo. Linauliza kama maswali yaleyale saba yanashikana kuwa kitu kimoja kwa wanaume kama kwa wanawake. Dai hili likianguka, hakuna la kuendelea nalo, kwani hatuna hata hakika kwamba tunapima jambo moja.

Dai jingine ni usawa wa uzito. Kila swali lina uzito wake, yaani nguvu ya kufuata hali iliyofichika: majonzi yakipanda kwa kiasi fulani, jibu la swali hili hupanda kwa kiasi gani? Uzito ukilingana, mtafiti anaweza kulinganisha uhusiano, kwa mfano kama majonzi yanaambatana na kukosa usingizi kwa nguvu ileile katika makundi yote mawili. Hajaruhusiwa bado kulinganisha wastani.

Ruhusa ya wastani inakuja na dai la tatu, usawa wa vianzio. Fikiria mizani mbili dukani ambazo zote husogea gramu kwa gramu bila kosa, lakini moja, hata ikiwa tupu, inasoma gramu 200. Ukitaka kujua mzigo umeongezeka kiasi gani, mizani yoyote itakufaa. Ukitaka kujua nani amenunua unga mwingi, ile ya pili itakudanganya kila mara. Swali la kulia linaweza kuwa na uzito sawa kwa jinsia zote mbili, na bado likaanzia juu zaidi kwa wanawake.

Kwa hojaji yenye majibu manne kuna jambo moja la kuongeza. Majibu ya 0 hadi 3 ni ngazi, si vipimo vya rula, na hakuna anayejua kama umbali kutoka 0 hadi 1 ni sawa na kutoka 2 hadi 3. Modeli inayofaa huchukulia kwamba nyuma ya ngazi hizo kuna mwelekeo unaopanda bila kukatika, na kwamba kuna vizingiti vitatu ambavyo mtu akivivuka hubadili jibu. Kwa hiyo kabla ya kudai uzito ulingane, hudaiwa kwanza vizingiti vilingane. Utaratibu huu wa kuanza na vizingiti uliwekwa wazi na Hao Wu na Ryne Estabrook mwaka 2016, na leo kifurushi cha semTools ndani ya R kinaweza kuutekeleza kwa amri ya `measEq.syntax`. Ukiona aya inayosema majibu manne yalichukuliwa kama namba za kawaida, au isiyosema chochote kuhusu hilo, uliza kwa nini.

Sasa tuende kwenye uandishi wenyewe. Tuseme mtafiti amehoji wanawake 600 na wanaume 400 kwa maswali yale saba. Namba zote zitakazofuata nimezitunga ili kufundishia. Hazitoki kwenye utafiti wowote. Anapodai muundo tu, kipimo cha ulinganifu wa modeli kiitwacho CFI kinasoma 0.982, na RMSEA, kinachopima kosa, kinasoma 0.061. Anapoongeza vizingiti, CFI inabaki 0.982. Anapoongeza uzito, inashuka hadi 0.980, tofauti ndogo sana. Anapodai vianzio, inaporomoka hadi 0.958, na RMSEA inapanda kutoka 0.053 hadi 0.072.

Ni wapi pa kusema modeli imeporomoka? Gordon Cheung na Roger Rensvold walipendekeza mwaka 2002 kwamba CFI isishuke zaidi ya 0.01 kati ya hatua na hatua. Fang Fang Chen, mwaka 2007, aliongeza kwamba RMSEA nayo isipande zaidi ya 0.015. Mipaka hii ndiyo inayotumika zaidi, ila ilijaribiwa kwa data za namba zisizo ngazi, hivyo kwa majibu manne ni mwongozo wa kutumiwa kwa tahadhari. Kinachonisumbua zaidi ni mwandishi anayechagua mpaka baada ya kuona matokeo. CFI ikishuka kwa 0.012 anasema kai-mraba ndiyo muhimu. Kai-mraba ikikataa anasema sampuli ni kubwa mno na CFI ndiyo muhimu. Zote mbili ni hoja halali zikitolewa mapema, na zote ni visingizio zikitolewa baadaye. Aya nzuri inataja mpaka kabla ya kutaja matokeo, na kama mpaka huo uliandikwa kwenye pendekezo la utafiti, inasema hivyo.

Kwa mtafiti wetu, kushuka kwa 0.022 hakuna utata. Anatafuta swali lililokwama kwa kuuliza modeli ingeboreka kiasi gani iwapo kianzio cha swali moja kingeachiwa huru. Swali la kulia linajitokeza mbele kwa mbali. Analiachia, na CFI inarudi 0.979. Hali hii huitwa usawa wa sehemu, na Barbara Byrne, Richard Shavelson na Bengt Muthén ndio walioitetea mwaka 1989: maswali mengi yakilingana, machache yasiyolingana yanaweza kuachiwa, na wastani wa hali iliyofichika ukalinganishwa kwa kutegemea yale yaliyobaki.

Hapa ndipo aya nyingi huishia, na kwa maoni yangu hapa ndipo msomaji anapoanza kuwa na haja nayo. Anataka kujua swali la kulia limepotosha kitu gani. Jibu hupatikana kwa kukadiria tofauti ya wastani mara mbili. Vianzio vyote vikilazimishwa kulingana, wanawake wa mfano wetu wako juu ya wanaume kwa mkengeuko sanifu 0.42. Kianzio cha kulia kikiachiwa, tofauti inakuwa 0.31. Kwa hiyo tofauti ipo, lakini robo yake hivi ilitokana na swali moja. Hilo ni tokeo la utafiti kamili, na halipaswi kuzikwa kwenye kiambatisho.

Aya yake ingeweza kusomeka hivi:

> Kabla ya kulinganisha wanawake (600) na wanaume (400), tulipima usawa wa kipimo kwa modeli yenye hali moja iliyofichika na maswali saba ya majonzi ya CES-D. Majibu yalichukuliwa kama ngazi, na modeli zilikadiriwa kwa njia ya WLSMV katika R (lavaan na semTools), kwa utaratibu wa Wu na Estabrook. Tuliamua kabla ya uchambuzi kwamba hatua itakataliwa ikiwa CFI itashuka zaidi ya 0.010 na RMSEA kupanda zaidi ya 0.015. Muundo ulilingana (CFI 0.982, RMSEA 0.061), vivyo hivyo vizingiti (0.982, 0.055) na uzito (0.980, 0.053). Usawa wa vianzio ulikataliwa (0.958, 0.072). Chanzo kikuu kilikuwa swali la kulia: kwa kiwango kilekile cha majonzi, wanawake waliripoti kulia zaidi. Tulikuwa tumelitarajia swali hili kutokana na tafiti zilizotangulia. Kianzio chake kilipoachiwa, modeli ilikubalika (0.979, 0.051). Wastani wa majonzi umelinganishwa kwa modeli hiyo ya usawa wa sehemu, na wanawake walikuwa juu kwa mkengeuko sanifu 0.31, vianzio vyote vikilazimishwa, tofauti hiyo ingekuwa 0.42. Hatukulinganisha jumla ghafi za alama.

Aya hii haielezi historia ya nadharia wala haianzi kwa kusema usawa wa kipimo ni jambo muhimu. Inataja makundi, modeli, njia, mpaka, hatua, swali lililokwama, upande lililoelemea, na athari yake. Sentensi inayosema swali la kulia lilitarajiwa ni fupi lakini ina uzito mkubwa. Ukiachia kwa sababu kompyuta imekuonyesha, huenda unafuata mawimbi ya sampuli hii tu, na sampuli nyingine ingekuonyesha swali lingine. Kama hukulitarajia, andika kwamba lilipatikana kwenye data, na msomaji ajue namna ya kulipokea. Na kama umeachia maswali manne kati ya saba, usiite hali hiyo usawa wa sehemu. Ulinganisho umebaki juu ya maswali matatu.

Sentensi ya mwisho, ile ya jumla ghafi, inahusu kosa ambalo hata watu makini hulifanya. Mtafiti anapata usawa wa sehemu, anauripoti vizuri, kisha ukurasa unaofuata anajumlisha alama za maswali yote saba na kulinganisha wastani kwa jaribio la t. Lakini kile kianzio kiliachiwa ndani ya modeli tu. Kwenye jumla, swali la kulia limekaa palepale na upendeleo wake wote. Vilevile mstari wa 16 kwa hojaji nzima unabaki na tatizo hilo: mwanamke na mwanamume wenye majonzi sawa wanaweza kuangukia pande mbili tofauti za mstari kwa sababu ya swali moja au mawili. Anayetaka kutumia jumla ana njia mbili za wazi, kuhesabu pamoja na swali hilo na kuhesabu bila hilo, kisha kuonyesha zote.

Zipo dalili nyingine zinazomwonyesha mhariri au msimamizi kwamba kuna kitu hakiko sawa. Moja ni digrii za uhuru, ambazo watu wengi huziruka. Kwa maswali saba yenye majibu manne na makundi mawili, zinapaswa kuwa 28 kwa muundo, 35 kwa vizingiti, 41 kwa uzito na 47 kwa vianzio. Ukiachia kianzio kimoja, 46. Jedwali likionyesha namba nyingine, modeli iliyokadiriwa siyo iliyoandikwa kwenye aya. Dalili nyingine ni tofauti ya kai-mraba iliyopatikana kwa kutoa moja kwa nyingine. Kwa njia ya WLSMV kai-mraba hurekebishwa, na mbili zilizorekebishwa hazitolewi hivyo. Kuna jaribio lake maalumu.

Kuna pia shimo la majibu yasiyo na mtu. Ikiwa hakuna mwanamume hata mmoja aliyejibu kwamba alilia siku 5 mpaka 7, kizingiti cha tatu hakipo kwa wanaume, na programu itagoma au italeta onyo. Kawaida watafiti huunganisha ngazi mbili za juu kuwa moja. Ni sawa, mradi ziunganishwe kwa makundi yote mawili na jambo hilo litajwe kwenye aya. Lakini mtafiti asisahau kwamba kutokuwepo kwa wanaume hao kwenyewe ni sehemu ya habari aliyokuwa akiitafuta.

Makundi yakiwa ya lugha, tuseme waliojibu hojaji kwa Kiswahili na waliojibu kwa Kiingereza jijini Nairobi au Dar es Salaam, hesabu hazibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni maana ya matokeo. Jinsia mtu hakuichagua mlangoni mwa mdadisi, lakini lugha ya kujibia mara nyingi huchaguliwa, na wanaochagua Kiingereza huenda wamesoma zaidi, ni vijana zaidi, au wamezoea zaidi fomu za namna hii. Swali likikwama, tafsiri inaweza kuwa ndiyo sababu, na elimu pia inaweza kuwa sababu. Hatua ya kwanza ya kupunguza utata huu ni kugawa lugha kwa kura miongoni mwa wanaozimudu zote mbili. Pale ambapo haikufanyika, aya iseme "makundi ya lugha ya kujibia", itoe umri na elimu ya kila kundi, na isiite tofauti hiyo kosa la tafsiri. CES-D ina mtego mwingine wa kuangalia hapa: maswali yake manne yameulizwa kwa upande wa furaha, kisha alama zake hugeuzwa. Anayejibu kwa haraka, au anayeona aibu kujisifu mbele ya mgeni, huyajibu kwa namna isiyofuatana na mengine 16, na mara nyingi muundo huanza kuyumba hapo kabla hata ya kufika kwenye vianzio.

Mpaka mmoja wa njia hii nzima haufutiki kwa programu yoyote. Vipimo hivi hulinganisha maswali yenyewe kwa yenyewe. Swali la kulia linaonekana limekwama kwa sababu mengine sita hayakukwama pamoja nalo. Kama wanaume wangepunguza majibu yao kwa kiasi kilekile katika maswali yote saba, kwa sababu mdadisi ni kijana jirani na hawataki kuonekana dhaifu, hakuna swali ambalo lingejitokeza. Vianzio vyote vingelingana, CFI isingetikisika, na upungufu wote ungehesabiwa kama wanaume wana majonzi machache. Kulijua hilo kunahitaji ushahidi wa nje ya hojaji, kama mahojiano ya daktari aliyeandaliwa kwa kazi hiyo, au kundi lililojibu faraghani badala ya mbele ya mtu. Aya ikiwa na ushahidi wa aina hiyo, uelezwe kwa sentensi moja. Isipokuwa nao, neno linalofaa ni "tofauti ya majonzi yaliyoripotiwa".

Na pale ambapo vianzio vimekataliwa na maswali mengi yamekwama, mwandishi bado ana makala. Ikiwa uzito ulilingana, alinganishe uhusiano: je, upweke wa uhamiaji unaambatana na majonzi kwa nguvu sawa kwa wanaume na wanawake, kwa waliojibu Kiswahili na waliojibu Kiingereza? Jedwali la wastani aliondoe. Mahali pake aweke jedwali la vianzio vya kila swali kwa kila kundi, ili atakayekuja kuirekebisha hojaji hiyo ajue aanze na swali lipi.